Orodha fupi, msomaji makini: jinsi mashine za utafutaji zinavyopanga majibu mara mbili

Chukua swali hili: "Nani alikuwa rais wa Zanzibar kabla ya Ali Hassan Mwinyi?" Anayeijua historia ya Visiwani atajibu bila kusita kwamba ni Aboud Jumbe. Mashine ya utafutaji haijui historia. Ina rundo la maandishi na kazi ya kuchagua kipande chenye jibu, na kazi hiyo ina mitego ambayo haionekani mpaka uitazame kwa karibu.

Tuseme katika rundo hilo kuna vifungu vitatu, ambavyo nimeviandika mwenyewe kwa ajili ya mfano huu. Cha kwanza: "Ali Hassan Mwinyi alikuwa rais wa Zanzibar kabla ya kuwa rais wa Tanzania mwaka 1985. Idris Abdul Wakil alimfuata Zanzibar." Cha pili: "Hussein Ali Mwinyi alichaguliwa kuwa rais wa Zanzibar mwaka 2020. Kabla ya hapo, rais wa Zanzibar alikuwa Ali Mohamed Shein." Cha tatu: "Aboud Jumbe aliongoza visiwa hivyo tangu kuuawa kwa Abeid Amani Karume mwaka 1972. Alijiuzulu Januari 1984, na Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake."

Yote yaliyoandikwa humo ni kweli, lakini jibu limo katika kifungu cha tatu peke yake. Sasa hesabu maneno. Kifungu cha kwanza kina kila neno la swali isipokuwa "nani". Cha pili kinakosa "nani" na "Hassan" tu, na kinayarudia "rais", "Zanzibar" na "Ali" mara mbili mbili. Cha tatu, chenye jibu, kinakutana na swali kwa maneno matatu tu: Ali, Hassan na Mwinyi. Neno "rais" halimo, "Zanzibar" halimo, "kabla" halimo. Mashine inayohesabu maneno itakiweka mkiani.

Na mashine nyingi za utafutaji huanza kwa kuhesabu maneno. Kanuni inayotumika zaidi inaitwa BM25, na ilipata umbo lake katika miaka ya 1990 kwa kazi ya Stephen Robertson na wenzake jijini London. Inafanya mambo matatu ya busara. Neno adimu linapewa uzito kuliko neno la kila mahali, kwa hiyo "Mwinyi" lina thamani kubwa na "ya" karibu halina. Neno likirudiwa linaongeza alama, ila kila marudio yanaongeza kidogo kuliko yaliyotangulia. Na andiko refu halipewi upendeleo kwa sababu tu lina maneno mengi. Kanuni hii ni nyepesi mno kwa kompyuta, kwa kuwa faharasa imeshaandaliwa mapema: kila neno lina orodha ya vifungu vinavyolibeba. Swali likija, mashine inafungua orodha za maneno machache tu, na mamilioni ya vifungu vinapitiwa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Njia ya pili ya haraka, iliyoenea katika miaka ya karibuni, ni ya vekta. Modeli ya lugha inasoma kila kifungu mara moja na kukigeuza kuwa safu ya namba, mara nyingi mia kadhaa. Swali nalo linageuzwa kuwa safu ya namba kwa njia ile ile, kisha mashine inatafuta vifungu ambavyo safu zake ziko karibu na ya swali. Faida yake ni kwamba "aliongoza visiwa" na "alikuwa rais wa Zanzibar" vinaweza kukaribiana ingawa havishiriki neno hata moja. Udhaifu wake unatokana na wakati ambapo kazi inafanyika. Kifungu kilibanwa kuwa namba kabla mtu yeyote hajauliza lolote. Modeli haikujua kama msomaji angetaka kujua aliyemtangulia Mwinyi, aliyemfuata, au mwaka wa kujiuzulu kwa Jumbe. Ikabidi ihifadhi muhtasari wa jumla: hapa panazungumzwa urais wa Zanzibar na Mwinyi. Nani alikuwa kabla ya nani ni jambo dogo linaloweza kufifia kwa urahisi katika muhtasari wa namna hiyo.

Ndipo inapoingia hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Badala ya kumkabidhi mtumiaji orodha ya hatua ya kwanza kama ilivyo, mashine inachukua vifungu vya juu, tuseme 100, na kumpa msomaji mwingine makini zaidi avipange upya. Msomaji huyo ni modeli ambayo mafundi huiita krosi-enkoda. Mimi nitaiita modeli ya jozi, kwa sababu inasoma swali na kifungu kwa pamoja, vikiwa andiko moja lililounganishwa hivi:

```
[CLS] swali [SEP] kifungu [SEP]
```

Alama ya `[SEP]` inaonyesha mahali swali linapoishia na kifungu kinapoanzia. Alama ya `[CLS]` iliyo mwanzoni ndiyo inayokusanya hukumu: baada ya modeli kumaliza kusoma, hali ya alama hiyo inageuzwa kuwa namba moja inayosema kifungu hiki kinalijibu swali hili kwa kiasi gani. Modeli inarudia kazi hiyo kwa kila mmoja wa wagombea 100, halafu inawapanga kuanzia namba kubwa hadi ndogo.

Nguvu yote iko katika neno "pamoja". Ndani ya modeli, kila neno la swali linaweza kuhusishwa na kila neno la kifungu, tabaka baada ya tabaka. Katika kifungu cha kwanza, modeli inaweza kuona kwamba "kabla ya" imeshikana na "kuwa rais wa Tanzania", yaani haizungumzii mtu aliyemtangulia Mwinyi. Katika cha pili inaweza kuona kwamba Mwinyi anayetajwa ni Hussein, na swali limemtaja Ali Hassan. Katika cha tatu, "kabla" ya swali inaweza kukutana na "alijiuzulu" na "akashika nafasi yake", na mfuatano wa matukio ukaeleweka: mmoja aliondoka, mwingine akaingia, na swali linamtaka yule aliyeondoka. Muhtasari ulioandaliwa mapema hauwezi kufanya ulinganishi huu, kwa sababu ulifungwa kabla ya swali kuulizwa.

Ustadi huu haukuja wenyewe. Modeli ilifundishwa kwa kuonyeshwa jozi nyingi sana za swali na kifungu, nyingine zikiwa sahihi na nyingine zikiwa na kasoro. Hazina iliyotumika zaidi ni MS MARCO ya kampuni ya Microsoft, yenye maswali halisi yaliyoandikwa na watumiaji wa mashine ya utafutaji ya Bing na vifungu takriban milioni 8.8. Katika mafunzo hayo, jozi mbovu zenye faida ni zile zinazofanana na nzuri. Ukiipa modeli swali letu pamoja na kifungu kuhusu kilimo cha mahindi, itakikataa bila kujifunza kitu. Ukiipa kifungu chetu cha kwanza, chenye maneno yote na jibu halimo, italazimika kujifunza kusoma. Ndiyo maana jozi mbovu huchukuliwa kutoka kwenye orodha ya BM25 yenyewe: ni vifungu vilivyomhadaa mhesabu maneno.

Mwaka 2019, miezi michache baada ya Google kutoa modeli yake ya BERT, Rodrigo Nogueira na Kyunghyun Cho wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha jaribio rahisi. Waliiacha BM25 ichague vifungu 1,000 kwa kila swali la MS MARCO, kisha BERT ikavipanga upya kwa kusoma jozi. Kipimo kilichotumika kinatoa alama kulingana na nafasi ya jibu sahihi: likiwa la kwanza ni 1, la pili ni 0.5, la tatu ni 0.33, na likivuka nafasi ya kumi ni sifuri. Wastani wa BM25 peke yake ulikuwa 0.167. Baada ya BERT kupanga upya ulifika 0.365. Vifungu vilikuwa vile vile 1,000, na hakuna hata kimoja kilichoongezwa. Mpangilio peke yake ndio uliobadilika.

Msomaji atauliza: kama modeli hii ni makini kiasi hicho, kwa nini isisome maandishi yote tangu mwanzo, tukaachana na mhesabu maneno? Jibu ni kwamba chanzo cha umakini wake ndicho chanzo cha uzito wake. Kwa kuwa inasoma swali na kifungu pamoja, hakuna kinachoweza kuandaliwa kabla ya swali kufika. Kila swali jipya linaanza kazi upya kwa kila kifungu.

Gharama yake inahesabika. Modeli ndogo ya jozi iitwayo `cross-encoder/ms-marco-MiniLM-L-6-v2` imetangazwa na watengenezaji wake kuwa inapitia takriban vifungu 1,800 kwa sekunde kwenye kadi ya V100, kifaa cha gharama kilichotengenezwa kwa ajili ya hesabu za namna hii. Kwa vifungu 100 hiyo ni chini ya moja ya kumi ya sekunde, na mtumiaji hatahisi kitu. Kwa vifungu milioni 8.8 ni zaidi ya sekunde 4,800, yaani kama saa moja na dakika ishirini kwa swali moja. Na hiyo ni modeli ndogo. Kubwa ni nzito mara nyingi zaidi, na kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kama hiyo ni ya polepole zaidi.

Nils Reimers na Iryna Gurevych wa Darmstadt, Ujerumani, walitoa hesabu nyingine mwaka huo huo wa 2019. Ukiwa na sentensi 10,000 na ukataka kujua ni mbili zipi zinazofanana zaidi, kuna jozi karibu milioni 50 za kusoma. BERT ikizisoma jozi moja moja ingehitaji takriban saa 65. Kwa njia ya vekta, kazi hiyo iliwachukua kama sekunde tano. Kwa hiyo hatua mbili ni mgawanyo wa kazi usiokwepeka: ya kwanza inapita haraka juu ya mamilioni na kukubali kukosea mpangilio, ya pili inapita taratibu juu ya wachache na kuurekebisha. Ni kama ajira: karani anapunguza barua elfu za maombi kwa kuangalia vyeti, kisha jopo linakaa na wasailiwa wachache.

Kutokana na mgawanyo huo kuna kikomo ambacho wengi wanaojenga mifumo hii hukisahau. Modeli ya jozi haiwezi kupandisha kifungu ambacho hakikuletwa mbele yake. Katika MS MARCO, kwa maswali karibu 86 kati ya 100, BM25 inafanikiwa kukiweka kifungu sahihi ndani ya 1,000 vya kwanza. Ukichukua 100 vya kwanza tu, ni karibu theluthi mbili ya maswali. Mengine yamepotea kabla msomaji makini hajaamka. Namba hizo zinaonyesha pia bei ya kurefusha orodha: kutoka 100 hadi 1,000 unaongeza kazi ya hatua ya pili mara kumi, na unaokoa maswali kama 20 katika kila 100.

Mfano wetu wa Zanzibar uko hatarini hapa hasa. Kifungu cha Jumbe kina maneno matatu tu ya swali. Katika rundo dogo kitaingia kwenye orodha ya 100 bila shida. Katika rundo kubwa, lenye mamia ya habari zinazomtaja Ali Hassan Mwinyi pamoja na "rais" na "Zanzibar", kinaweza kuangukia nafasi ya 300, na modeli ya jozi haitakiona kamwe.

Lugha yetu inaongeza ugumu. Aliongoza, waliongoza, aliyeongoza na kuongoza ni kitenzi kimoja kwa msomaji wa Kiswahili, lakini kwa mashine inayokata maandishi penye nafasi tu ni maneno manne yasiyohusiana. Lugha nyingi kubwa zina programu za kurudisha neno kwenye shina lake. Mwaka 2021 watafiti walipotengeneza Mr. TyDi, hazina ya majaribio ya utafutaji katika lugha 11, Kiswahili kikiwemo, maandishi ya Kiswahili yalikatwa penye nafasi kwa kukosa programu ya namna hiyo. Dawa inayotumika sana ni kuendesha njia zote mbili za haraka kwa pamoja: 100 kutoka kwa BM25, 100 kutoka kwa vekta, kuondoa vilivyojirudia, kisha modeli ya jozi isome mchanganyiko wote. BM25 inashika majina na miaka, vekta inashika maana, na kifungu kinahitaji kupita mlango mmoja tu kati ya hiyo miwili.

Modeli ya jozi yenyewe lazima iwe inajua Kiswahili. Ile ndogo niliyoitaja ilifundishwa kwa Kiingereza. Ukiipa Kiswahili haitagoma wala kuonya, itatoa namba kama kawaida, na hapo ndipo penye hatari. Kwa Kiswahili hutafutwa modeli iliyojengwa juu ya msingi wa lugha nyingi, kama XLM-R ya mwaka 2019, iliyosomeshwa maandishi ya lugha 100, yetu ikiwa mojawapo. Mfano wa modeli ya jozi ya ukoo huo ni `BAAI/bge-reranker-v2-m3`, iliyotolewa 2024. Kwa kuipima ipo hazina ya MIRACL yenye lugha 18, ambayo upande wake wa Kiswahili una vifungu takriban 130,000 kutoka Wikipedia ya Kiswahili, pamoja na maswali yaliyotungwa na kukaguliwa na wazungumzaji wa lugha yenyewe.

Hata kwa modeli inayofaa, kuna makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni urefu. Modeli za ukoo wa BERT husoma vipande 512 kwa wakati mmoja, na kipande si neno: neno refu la Kiswahili kama "alipojiuzulu" linaweza kukatwa vipande kadhaa. Andiko likizidi kipimo, mkia wake unakatwa kimyakimya. Kama jibu lilikuwa katika aya ya mwisho, modeli ilihukumu andiko bila kuliona. Dalili yake ni kwamba maandishi marefu yanashuka kila mara ingawa jibu limo. Tiba yake ni kuyakata mapema kuwa vifungu vya aya moja au mbili, kila kimoja kikianza kwa kurudia sentensi ya mwisho ya kilichotangulia, ili wazo lisikatike katikati.

La pili ni kuamini kwamba orodha ndefu ni bora daima. Mwaka 2024 kundi la watafiti, miongoni mwao Matei Zaharia na Omar Khattab, lilionyesha kwamba modeli nyingi za jozi zinaboresha matokeo mwanzoni, lakini zikipewa vifungu vingi kupita kiasi matokeo yanaanza kushuka. Mara nyingine zilivipa alama za juu vifungu ambavyo havikuwa na uhusiano wowote na swali. Hilo halishangazi ukikumbuka mafunzo yao. Zilifundishwa kutofautisha wagombea wanaofanana, waliokwisha kuchujwa, na kila kifungu kigeni unachoongeza ni nafasi nyingine ya kosa moja la ajabu kupanda hadi kileleni.

La tatu ni kuisoma alama kana kwamba ni uhakika. Namba inayotolewa na modeli ya jozi inafaa kulinganisha vifungu vya swali moja. Kifungu kilichopata 0.9 kwa swali la leo si lazima kiwe bora kuliko kilichopata 0.6 kwa swali la jana, na kifungu cha kwanza katika orodha isiyo na jibu bado kitakuwa cha kwanza. Kuna swali ambalo rundo lako halina jibu lake, na modeli itakupa mshindi hata hapo. Anayetaka mashine iseme "sijapata" lazima aweke kiwango cha chini cha alama, akikipima kwa maswali yake mwenyewe, yakiwemo ambayo anajua hayana jibu.

Basi mtu anayejenga utafutaji wa maktaba, gazeti au ofisi ya sheria atajuaje hatua ipi inamwangusha? Akusanye maswali 50 ya watu halisi, na kwa kila moja atafute kwa mkono kifungu chenye jibu. Kisha aulize mambo mawili, kwa mpangilio huu. Je, kifungu kimo katika orodha ya hatua ya kwanza? Kama kimo, modeli ya jozi imekiweka nafasi ya ngapi? Tuseme maswali 12 hayakupata jibu katika nafasi tatu za juu, na katika hayo, tisa kifungu chake hakikuingia kwenye orodha kabisa. Kununua modeli ya jozi kubwa na ghali zaidi kutamsaidia kwa maswali matatu tu, tena kwa bahati. Yale tisa yanataka kazi mwanzoni: kuongeza vekta, kurefusha orodha kutoka 100 hadi 200, au kukata vifungu upya ili neno "Zanzibar" lililo katika kichwa cha habari liandikwe ndani ya kila kifungu kinachosema "visiwa hivyo". Akishafanya hivyo, ayaendeshe tena maswali yale yale 50 na kuhesabu upya, kwa sababu kila badiliko la hatua ya kwanza linaipa hatua ya pili orodha mpya ya kukosea.